Kazi Imehama, Mkataba Haujaisha



Jioni moja ya Januari 2023, jirani yangu wa ghorofa ya chini alibisha hodi akiwa na karatasi mbili mkononi. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana mke na watoto wawili, na kwa kuwa mimi nimefundisha maisha yangu yote, hapa jengoni huniita Mwalimu kama wafanyavyo wengine. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akaketi na kuzitandaza karatasi zake mezani.

Ya kwanza ilitoka kwa mwajiri wake. Ghala alilokuwa akifanyia kazi lilikuwa linahamishia shughuli zake Ottawa, mwendo wa kilomita zipatazo 450 kutoka Toronto, naye alitakiwa aripoti huko tarehe 1 Machi, ama sivyo ajihesabu kuwa hana kazi. Ya pili ilikuwa mkataba wake wa nyumba. Ulianza tarehe 1 Septemba 2022 na ulikuwa uishe tarehe 31 Agosti 2023, kwa kodi ya dola 1,850 kwa mwezi. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yeye mwenyewe. Kuanzia Machi hadi Agosti ni miezi sita, yaani dola 11,100, kwa nyumba ambayo hangelala hata usiku mmoja.

"Lakini Mwalimu," akasema, "nimekwisha kupata familia ya kuniachia nyumba. Ni wenzetu, wamefika juzi kutoka Kongo, wana watoto watatu na wanakaa kwenye makazi ya muda. Mwisho wa Februari nitawapa funguo, nami nitaondoka. Mwenye nyumba atapata kodi yake kama kawaida. Kuna ubaya gani?"

Nilimwelewa vizuri, kwa sababu ndivyo tulivyozoea huko tulikotoka. Dar es Salaam mpangaji mara nyingi hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au hata ya mwaka mzima kabla ya kuingia. Akilazimika kuhama katikati, humtafuta mtu wa kumalizia ile miezi iliyobaki, humjulisha mwenye nyumba kwa mdomo, na mambo yamekwisha. Nairobi wengi hulipa mwezi kwa mwezi, nao hutoa notisi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu wetu anapofika hapa huwa ana imani mbili moyoni: kwamba notisi ya kutosha humfungua mtu, na kwamba mpangaji mzuri wa kuchukua nafasi yake humaliza deni lake. Hapa Ontario imani hizo zote mbili zina ukweli nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo inayowagharimu watu maelfu ya dola.

Tuanze na notisi. Upangaji wa nyumba za kuishi katika jimbo hili unatawaliwa na Sheria ya Upangaji wa Makazi ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika tarehe 31 Januari 2007. Karibu kila mpangaji amesikia kwamba anayetaka kuhama hutoa notisi ya siku 60 kwa fomu iitwayo N9. Hilo ni kweli, lakini kwa mwenye mkataba wa muda maalumu siku hizo 60 haziwezi kumtoa kabla ya siku ya mwisho ya mkataba wenyewe. Jirani yangu angeweza kutoa notisi ya siku 60, au ya siku 100, na tarehe ya kwanza ambayo notisi hiyo ingemfungua ingebaki kuwa 31 Agosti. Barua ya mwajiri haibadilishi neno hapo. Sheria haimhesabu aliyehamishwa kazi kuwa na haki ya peke yake ya kuvunja mkataba.

Hapa niwatoe hofu wale ambao mwaka wao wa kwanza umekwisha kupita na hawakutia sahihi mkataba mpya. Mkataba wa mwaka unapoisha, upangaji haufi. Huendelea mwezi kwa mwezi kwa masharti yale yale. Kwenu ninyi notisi ya siku 60, inayoishia siku ya mwisho ya kipindi cha kodi, inatosha kabisa. Yanayofuata ni kwa ajili ya walio bado ndani ya muda wa mkataba.

Sasa tumwangalie mpangaji wa kuchukua nafasi. Nilimwuliza kijana kama amekwisha kuzungumza na ofisi ya jengo. Akasema ndiyo, tarehe 10 Januari alimpelekea meneja barua, akamweleza habari ya uhamisho, akaitaja ile familia kwa majina na kuomba ikubaliwe badala yake. Baada ya siku mbili alijibiwa kwamba kipato cha familia hiyo hakitoshi kwa kodi ya nyumba ile, kwa hiyo ombi la watu hao limekataliwa. Meneja akaongeza kwa mdomo kwamba anayeondoka mapema hulipa kodi yote iliyobaki papo hapo.

Neno hilo la mwisho halikuwa na nguvu ya sheria. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinabatilisha sharti lolote la mkataba linalosema kwamba mpangaji akikosea, kodi yote iliyobaki au kiasi fulani kilichotajwa kinadaiwa mara moja. Lakini ule mkato wa kwanza, wa kuikataa familia, ulikuwa mzito, na kijana alidhani kwamba mlango umefungwa. Ukweli ni kwamba alikuwa amegonga mlango usio wake. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe leo.

Kifungu cha 95 kinampa mpangaji haki ya kuomba idhini ya kukabidhi upangaji wake kwa mtu mwingine. Kukabidhi maana yake ni kwamba mtu mpya anaingia ndani ya mkataba ule ule, kwa kodi ile ile na masharti yale yale, na wewe unatoka moja kwa moja. Ya nyuma ni juu yako, na ya mbele ni juu yake. Jambo hili tusilichanganye na kupangisha kwa muda, ambako unampa mtu nyumba kwa miezi michache huku ukikusudia kurudi. Anayepangisha kwa muda hubaki na mzigo wote: mgeni wake asipolipa, mwenye nyumba humshika yeye. Aliyepelekwa kazini kwa miezi minne kisha arudi, hiyo ndiyo njia yake. Aliyehama moja kwa moja, njia yake ni kukabidhi.

Basi, sheria inayatambua maswali mawili tofauti ambayo mpangaji aweza kumwuliza mwenye nyumba. Swali la kwanza ni hili: je, unaniruhusu kukabidhi upangaji wangu? Hapo hatajwi mtu yeyote. Swali la pili ni hili: je, unaniruhusu kumkabidhi fulani bin fulani? Masikioni mwetu maswali hayo ni mamoja. Katika sheria yana majibu tofauti na matokeo tofauti.

Ukiuliza swali la kwanza, mwenye nyumba ana majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Akisema hapana, au akinyamaza mpaka siku saba zipite tangu ombi lilipotolewa, mpangaji anapata haki ya kutoa notisi ya kuuvunja upangaji, hata kama mkataba una miezi mingi mbele. Kifungu cha 96 kinasema notisi hiyo, kwa anayelipa kwa mwezi, ni ya siku zisizopungua 30. Kwa maneno mengine, sheria inamwambia mwenye nyumba: huwezi kumzuia mtu asiukabidhi mkataba na wakati huo huo umzuie asiondoke. Chagua moja.

Ukiuliza swali la pili, mwenye nyumba anapata jibu la tatu. Aweza kusema: kukabidhi sikatai, lakini huyu uliyemleta simtaki. Akiwa na sababu ya maana, jibu hilo halikufungui. Umebaki ndani ya mkataba, na ni juu yako kumtafuta mwingine. Hivyo ndivyo alivyojibiwa jirani yangu. Kwa kuwahi kumtaja mtu, alikuwa amempa meneja njia ya kumkataa mtu bila kukataa ukabidhi wenyewe.

Je, sababu ya kipato ilikuwa ya haki? Pengine ndiyo, pengine siyo. Sheria inakataza kumkataa mtu aliyeletwa kwa ubishi au bila sababu ya maana, na Sheria ya Haki za Binadamu ya Ontario inakataza kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya rangi yake, asili yake, dini yake, kuwa na watoto, au kuwa anapokea msaada wa serikali. Mpangaji anayeona ameonewa aweza kupeleka shauri kwa fomu A2 mbele ya Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji, nayo bodi ina uwezo wa kuamuru ukabidhi ufanyike au upangaji uvunjwe. Lakini kijana alikuwa na majuma saba tu, na foleni ya bodi wakati huo ilikuwa ndefu mno. Mwezi Mei 2023 Mchunguzi Maalumu wa Ontario alitoa ripoti nzima juu ya ucheleweshaji huo. Shauri lingesikilizwa yeye akiwa amekwisha kuzoea baridi ya Ottawa.

Nikamwambia: "Mwanangu, liulize sasa lile swali la kwanza."

Tuliketi tukaandika barua fupi. Yenyewe tuliiandika kwa Kiingereza, na lile neno la kukabidhi tulilinakili kama lilivyo katika kifungu cha 95, maana ofisi za majengo hulikwepa na kujibu kana kwamba umeomba kupangisha kwa muda. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Mimi ni mpangaji wa nyumba nambari fulani katika jengo lako, kwa mkataba unaoishia tarehe 31 Agosti 2023. Mwajiri wangu amenihamishia Ottawa kuanzia tarehe 1 Machi 2023. Kwa mujibu wa kifungu cha 95 cha Sheria ya Upangaji wa Makazi ya mwaka 2006, naomba idhini yako ya kukabidhi upangaji wangu. Barua hii haihusu mtu yeyote maalumu. Tafadhali nijibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Nitaendelea kulipa kodi na kuitunza nyumba kama kawaida, na nitakuwa tayari kuionyesha kwa watakaokuja kuiona."

Mtaona kwamba barua haina lawama wala haina kilio. Habari ya uhamisho imetajwa kwa adabu tu, ili mwenye nyumba ajue kwamba haondoki kwa ugomvi, wala si yenyewe inayoleta haki. Kilichobeba uzito ni ile sentensi ya tatu. Kama mkataba umetiwa sahihi na watu wawili, wote wawili watie sahihi barua hiyo. Mkewe alitia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku saba zisizo na ushahidi wa mwanzo wake si siku saba. Tarehe 16 Januari, siku ya Jumatatu, kijana aliipeleka barua mwenyewe ofisini, akamkabidhi meneja mkononi, akaomba nakala yake iandikwe tarehe ya kupokelewa. Angeweza pia kuitia katika sanduku la barua la ofisi. Angeituma kwa posta, sheria ingehesabu kwamba imefika siku ya tano baada ya kutumwa, na kila hesabu ingesogea mbele kwa siku hizo tano. Barua pepe tuliiepuka. Wengi huitumia, lakini kama hamkukubaliana kwa maandishi kwamba notisi zitapita huko, unampa mwenzako nafasi ya kusema hakupokea.

Siku saba ziliishia Jumatatu tarehe 23 Januari. Jibu halikuja. Sikushangaa, kwa kuwa meneja aliamini ameshajibu kwa ile barua ya kwanza. Jumanne tarehe 24 Januari kijana alijaza fomu N9, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti ya bodi, tribunalsontario.ca/ltb, akaandika kwamba ataondoka tarehe 28 Februari. Kutoka 24 Januari hadi 28 Februari ni siku 35, zaidi ya zile 30 zinazotakiwa. Tungeweza kuchagua tarehe ya mapema zaidi, lakini mwisho wa mwezi ulifaa, kwa sababu kodi ya mwezi wa mwisho aliyoilipa mbele wakati wa kuingia ndiyo iliyotumika kuilipia Februari.

Kuna mpaka mmoja hapa ambao watu huuvuka bila kujua. Haki hii ya kutoa notisi haidumu. Ina siku 30, nazo huhesabiwa tangu siku ya ombi, wala si tangu siku ya kukataliwa. Kwa kijana huyu siku hizo zingeishia tarehe 15 Februari. Anayekataliwa leo, akakaa kutafakari miezi miwili, notisi yake haina nguvu tena, na itambidi aulize upya.

Tarehe 25 Januari meneja alimpigia simu kwa ukali, akasema jambo hilo haliwezekani na kwamba mkataba wake wenyewe unakataza kukabidhi. Kijana hakubishana kwenye simu. Alijibu kwa maandishi, akataja kifungu cha 95 na cha 96, tarehe ya ombi na tarehe ya notisi, basi. Sharti la mkataba linalopingana na sheria hii ni batili, hata kama mpangaji alilitia sahihi kwa hiari yake. Siku chache baadaye ofisi ilileta barua ya kukubali tarehe 28 Februari, na kuomba ruhusa ya kuleta watu waione nyumba. Ruhusa hiyo ni haki yao mara notisi inapotolewa, kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, ilimradi wajitahidi kumjulisha mpangaji kabla ya kuingia.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini mwenye nyumba akatae au anyamaze, ikiwa kukataa kwake ndiko kunakomfungulia mpangaji mlango? Jibu limo katika kodi. Kwa nyumba nyingi za Ontario, mpangaji aliyemo ndani huongezewa kodi mara moja tu kwa miezi 12, na kwa kiwango kinachopangwa na serikali ya jimbo. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa asilimia 2.5. Nyumba ikibaki tupu, mwenye nyumba yu huru kumtajia mpangaji mpya kodi aitakayo. Lakini anayekabidhiwa upangaji huingia kwa kodi ya yule anayetoka. Kwa hiyo pale ambapo soko liko juu ya kodi yako, kukataa kuna faida kwa mwenye nyumba: wewe unaondoka, naye anapandisha. Nyumba ya jirani yangu ilitangazwa kwa dola 2,350, dola 500 zaidi ya alizokuwa akilipa. Ukimya wa ofisi haukumwumiza mtu yeyote pale ofisini.

Soko likishuka mambo hugeuka. Kodi yako ikiwa juu ya zile zinazotangazwa jirani, mwenye nyumba mwenye akili atasema ndiyo upesi, kwa maana hapo wewe ndiwe unayebaki na kazi ya kutafuta mtu wa kulipa kodi hiyo. Ukiambiwa ndiyo, mlango wa notisi ya siku 30 umefungwa, na hapo ndipo mpangaji wa badala anapohitajika kweli. Mlete kwa jina, pamoja na uthibitisho wa kazi yake na wa kodi alizolipa nyuma. Mwenye nyumba asipojibu lolote ndani ya siku saba juu ya mtu huyo, haki ya notisi inarudi. Akimkubali, aweza kukutoza gharama halisi tu alizozitumia katika kutoa idhini, kwa mfano ya kuchunguza historia ya mikopo ya mgeni, wala si ada ya kubuni. Pata idhini hiyo kwa maandishi, na muandikiane tarehe ya makabidhiano na habari ya ile kodi ya mwezi wa mwisho uliyoilipa mbele, kwa kuwa inabaki na mwenye nyumba na itamfaa aliyeingia. Kwa kawaida mgeni humrudishia anayetoka kiasi hicho hicho.

Ipo pia njia ya maelewano, ambayo haihitaji vifungu. Pande zote mbili zikikubaliana tarehe, hutia sahihi fomu N11, na upangaji huisha siku hiyo. Mwenye nyumba aweza kuomba alipwe kitu ili akubali, nawe waweza kukataa au kupunguza. Ninashauri njia hii ijaribiwe kwa mazungumzo wakati zile siku saba zinakwenda, lakini isizichukue nafasi yake. Ahadi ya mdomo kwamba "tutaelewana" imewapitisha wengi siku zao 30.

Na anayefunga virago usiku na kuacha funguo chini ya mlango? Huyo amevunja mkataba. Ni kweli kwamba kifungu cha 16 kinamlazimisha mwenye nyumba afanye juhudi ya maana kupunguza hasara, yaani aitangaze nyumba na kuipangisha tena, asikae tu akihesabu miezi. Lakini mpaka apatikane mpangaji mpya, deni linaweza kumfuata aliyekimbia. Tangu Septemba 2021 mwenye nyumba aweza kumshitaki mbele ya bodi hata mpangaji aliyekwisha kuhama, ndani ya mwaka mmoja.

Haya yote hayamhusu kila mtu. Anayeishi katika chumba na kutumia jiko au bafu moja na mwenye nyumba au jamaa zake wa karibu, kama walivyo wengi wetu katika vyumba vya chini ya ardhi, kwa kawaida yuko nje ya sheria hii, na hutegemea makubaliano yake mwenyewe. Nyumba za umma zenye kodi ya nafuu nazo zina taratibu zao. Hao waende kwanza katika kliniki ya sheria ya mtaa wao, ambayo huwahudumia wenye kipato kidogo bila malipo, wakiwa na mkataba mkononi.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kijana alihama tarehe 28 Februari, hakudaiwa senti, na leo yuko Ottawa na kazi yake. Lakini ile familia ya Kongo haikuipata nyumba. Alikuwa ameiahidi kabla ya kuuliza chochote, na alikuwa amepokea kutoka kwao dola 500 za kushika nafasi. Nilimwambia azirudishe jioni ile ile, kwa sababu sheria inamkataza mpangaji kupokea malipo kwa ajili ya kumwachia mtu nyumba, na kwa sababu zilikuwa fedha za watu wasio na kitu. Alizirudisha. Ila mama wa familia ile alikuwa amekwisha kuwaambia watoto wake jina la shule watakayohamia, na kulifuta neno hilo mbele ya watoto hakuna fomu yake. Walikaa katika makazi ya muda hadi Mei.

Angeanza na lile swali lisilo na jina, angejua mapema kama nyumba inaweza kukabidhiwa au la, kabla hajamgusa mtu kwa ahadi. Basi, wewe ambaye barua ya uhamisho iko njiani, mwandikie kwanza mwenye nyumba, uhesabu siku zako, kisha ndipo umtafute wa kumwachia funguo.

Wasalaam.